Asilimia 9.5 ya Hazina na 9.4 ya benki, ipi inalipa zaidi?

Mwalimu mstaafu wa Voi ana pesa za kiinua mgongo ambazo hazihitaji kwa mwaka mzima. Benki yake inamwahidi asilimia 9.4 kwa mwaka akiziweka kwenye amana ya muda maalum. Hati ya hazina ya siku 364, inayouzwa kwa mnada na Benki Kuu ya Kenya, tuseme imetoka kwa asilimia 9.5. Kodi ni ileile, asilimia 15 ya faida. Majirani watamwambia achukue hati, kwani 9.5 ni kubwa kuliko 9.4, na serikali haifilisiki kama benki. Kabla hajawasikiliza, apige hesabu.

Hati ya hazina hailipi riba kwa jinsi tuliyoizoea. Unainunua kwa bei ya chini, na siku ya kuiva unalipwa thamani iliyoandikwa, na tofauti ya hapo ndiyo faida yako. Bei hupatikana kwa kugawanya thamani hiyo kwa moja jumlisha kiwango cha mwaka kilichopunguzwa kulingana na siku:

```
bei = thamani / (1 + kiwango x siku/365)
```

Kwa hati ya shilingi 500,000, bei inakuwa takriban 456,730. Punguzo ni 43,270. Wapo wanaogawanya punguzo hilo kwa 500,000, wakapata asilimia 8.65, kisha wakalalamika kwamba wamedanganywa. Hawajadanganywa, ila wamegawanya kwa pesa ambazo hawakuzitoa mfukoni. Ukigawanya kwa bei uliyolipa, kisha ukarekebisha siku 364 ziwe mwaka kamili, 9.5 inarudi yenyewe. Hayo ndiyo mapato hadi kuiva, na hicho ndicho kipimo kinachofaa kulinganishwa na riba ya benki.

Sasa kodi. Benki hukata yake riba inapolipwa, mwisho wa safari. Kwenye hati hutozwa mwanzoni: asilimia 15 ya 43,270 ni 6,490, na kiasi hicho huongezwa juu ya bei. Mwalimu wetu kwa hiyo analipa 463,220, na mwaka unapokwisha anapokea 500,000 zake kamili. Faida halisi ni 36,780, ambayo ni asilimia 7.96 kwa mwaka ya pesa alizotoa. Anayetoa tu asilimia 15 kwenye 9.5 angetarajia 8.08. Ile sehemu iliyopungua ni gharama ya kulipa kodi mwaka mmoja kabla ya kupata chochote.

Akiweka 463,220 hizohizo benki kwa 9.4, kwa siku 364, riba ni takriban 43,420. Ikitolewa kodi, anabaki na 36,910. Benki imeshinda kwa shilingi 130 hivi, ingawa tangazo lake lilionekana dogo. Ni pesa ya chai, sawa, lakini inaonyesha kwamba tofauti ya 0.1 kwenye bango haimaanishi kitu.

Hesabu hiyo inaweza pia kugeuzwa. Chukua 7.96 ugawanye kwa 0.85, utapata 9.37. Hicho ndicho kiwango ambacho benki inapaswa kukipita ili ifae kuliko hati hii, na mwenye pesa za kutosha anaweza kukitaja mbele ya meneja, maana riba ya amana ya muda maalum mara nyingi hujadiliwa.

Shilingi 130 hazitoshi kumfanya mtu aache usalama, hata hivyo. Mfuko wa bima ya amana nchini Kenya hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mwekaji katika kila benki. Amana yake na riba yake kwa pamoja vinakizidi kikomo hicho kidogo tu. Mwenye milioni mbili kwenye benki moja ndogo asiichukulie asilimia 9.4 kama sawa na ya Hazina.

Halafu kuna kuhitaji pesa kabla ya wakati. Akiirudisha hati Benki Kuu zikiwa zimebaki siku 182, hununuliwa kwa kiwango kilicho asilimia 3 juu ya kile cha soko. Kama soko bado liko 9.5, hesabu inafanywa kwa 12.5, naye anapata kama 470,660. Nusu mwaka umempa shilingi 7,440 tu, sawa na asilimia 3.2 kwa mwaka.

Benki nazo hutofautiana: nyingine hulipa riba ya akaunti ya kawaida kwa siku zilizopita, nyingine hazilipi chochote. Sharti hilo limo kwenye barua ya amana, na wakati wa kuliulizia ni kabla ya kutia sahihi.