Fundo, Pingu na Ua la Boga

Kwa Kiingereza, watu waliooana husemwa kuwa wamefunga fundo. Mfasiri wa kadi ya harusi akiyaandika maneno hayo vilevile kwa Kiswahili, sarufi haitakuwa na kosa, lakini msomaji atakunja uso. Fundo la Kiswahili ni la kamba, na pia ni la moyoni: mwenye fundo na mwenzake ana kinyongo naye. Kadi ya namna hiyo inakaribisha watu kwenye ugomvi.

Kiswahili kina chake, nacho ni cha chuma: watu hufunga pingu za maisha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu wamezoea kuipima tafsiri kwa kuirudisha kwenye lugha ilikotoka na kutazama kama maneno yanalingana. Kwa nahau, kipimo hicho hudanganya. Pingu za maisha zikirudishwa kwenye Kiingereza husomeka kama hukumu ya mahakama, ilhali Mswahili akizisikia haoni askari wala mahabusu, anaona maharusi. Fundo nalo hurudi Kiingereza salama salimini, na kumbe ndilo lililoharibika. Cha kupima ni kile anachokisikia msomaji wa Kiswahili asiyejua kwamba kuna lugha nyingine nyuma ya kadi.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuivua nahau nguo zake na kuuliza inasema nini hasa. Waingereza wana methali inayosema anipendaye mimi ampende na mbwa wangu. Ikivuliwa, inabaki hivi: ukimkubali mtu, mkubali pamoja na yote aliyo nayo. Mbwa ni chombo tu cha kubebea maana, na kwenye kadi ya Kiswahili chombo hicho kinavuja. Mbwa ni tusi la kawaida, na kwa Waislamu wengi wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, mate yake ni najisi. Lakini maana ile ile ina chombo chake siku nyingi: ukipenda boga, penda na ua lake.

Methali hii imekaa vizuri, ila ina mkia. Watu huitumia sana pale mmoja wa wanandoa anapokuja na mtoto wa uhusiano wa zamani. Ikichapwa kwenye kadi ya bwana na bibi harusi wasio na mtoto, wageni wataanza kuulizana mtoto ni wa nani. Vivyo hivyo methali ya kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika: ni tamu masikioni, lakini inadokeza kwamba kulikuwa na jambo likifichwa. Chanda chema huvikwa pete haina dosari hiyo, isipokuwa labda kwa dada mkubwa ambaye bado hajaolewa.

Maneno ya mapenzi yenyewe yana daraja zake. Mahaba ni ya chumbani zaidi. Upendo umezoeleka sana kanisani na unamfaa hata jirani. Mapenzi yako katikati, na ndiyo yanayofaa kwenye kadi nyingi. Kupata jiko ni utani wa marafiki wa bwana harusi. Baba mzazi wa bibi harusi akiusoma kwenye mwaliko rasmi, ataona bintiye amefanywa chombo cha kupikia.

Tuseme maharusi wameleta maneno ya Kiingereza ambayo, neno kwa neno, yangekuwa hivi: tulianguka katika mapenzi, kila mmoja akapata nusu yake iliyo bora, jozi iliyoundwa mbinguni, njooni tufunge fundo na tuishi kwa furaha milele. Kuanguka kunaondoka, maana aanguliaye huanguka vibaya, kupendana kunatosha. Nusu iliyo bora inaacha swali kuhusu nusu iliyobaki, kwa hiyo inaingia mwandani. Ubavu wangu ungefaa kama angekuwa anasema mume peke yake, kwa kuwa umetoka kwenye kisa cha Adamu na Hawa, lakini hapa wanasema wote wawili. Mbinguni kunamfanya msomaji afikirie marehemu, ilhali kinachokusudiwa ni majaliwa. Furaha ya milele ina fungu lake tayari, lile la mwisho wa hadithi za bibi: raha mustarehe.

Kadi inatoka hivi: “Tulipendana, na kila mmoja akampata mwandani aliyejaaliwa na Mungu. Karibuni mtushuhudie tukifunga pingu za maisha, na mtuombee tuishi raha mustarehe.” Nahau tano zimeingia, zimetoka mbili. Nyingine zimegeuka maneno ya kawaida, na kadi haijapungukiwa na kitu.