Ganzi Inayopanda Kutoka Nyayoni

Siku ya kwanza huanza nyayoni. Mtu anatembea na kandambili imemtoka mguuni, hana habari. Kesho yake vidole vinachomachoma, keshokutwa magoti yanalegea kwenye ngazi, na kabla wiki haijaisha anashika ukuta ili afike chooni. Miguu yote miwili, kwa pamoja. Nyumbani wazee watasema amekanyaga kitu alichotegewa, mwingine atachemsha maji ya kumkanda. Huku kukanda kunanisumbua kuliko yote, maana ngozi iliyokufa ganzi haihisi maji yanapounguza, na wapo wanaofika hospitali na malengelenge juu ya ugonjwa waliokuja nao.

Ganzi ya namna hii ina visababishi kadhaa, lakini viwili ndivyo daktari anavyopaswa kuvitenganisha siku hiyohiyo, kwa sababu matibabu yake hayafanani hata kidogo. Kimoja ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu nje ya uti wa mgongo. Cha pili ni mgandamizo: kitu kimeota au kimevunjika ndani ya uti wa mgongo, nacho kinabana ugwe, yaani ule mkonga wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni kupitia katikati ya pingili.

Tuchukue wagonjwa wawili wa mfano. Wa kwanza ni dereva wa bodaboda wa miaka 27. Wiki mbili zilizopita aliharisha siku tatu, akapona, akasahau. Sasa miguu imelegea, na jana alishindwa kubana breki ya mkononi. Wa pili ni mama wa miaka 58. Mgongo umemuuma miezi mitatu, katikati ya mabega, na maumivu humzidi usiku akilala. Amepungua mwili. Miguu imeanza kulegea tangu Jumamosi, na ganzi imefika kitovuni.

Ukiwatazama wakijaribu kusimama, utasema ni ugonjwa mmoja. Tofauti huonekana kwa nyundo ndogo ya mpira. Daktari anamkalisha dereva kitandani, miguu inaning'inia, anagonga chini ya kofia ya goti. Mguu hautikisiki. Kwa kawaida ujumbe wa kugongwa husafiri hadi kwenye ugwe na kurudi kwenye paja, na mguu ukaruka. Kwake yeye njia hiyo imekatika, kwa sababu mishipa yenyewe ndiyo inayoharibika. Kwa mama, goti likigongwa mguu unaruka kwa nguvu kupita kiasi. Njia ya kwenda na kurudi ni nzima, ila ubongo ulio juu ya mgandamizo hauwezi tena kuudhibiti mguu. Unyayo wake ukikwaruzwa, kidole gumba kinanyanyuka juu badala ya kukunjika.

Baada ya nyundo huja ncha ya kijiti. Daktari anamchoma mama taratibu kuanzia mguuni kupanda tumboni, akimuuliza kila mara kama anahisi. Hahisi, hahisi, kisha juu kidogo ya kitovu anashtuka. Pale pana mpaka, unaozunguka mwili hadi mgongoni. Dereva hana mpaka wa aina hiyo. Ganzi yake ni kama ya soksi na glavu, inafifia polepole, na mara nyingi udhaifu wake ni mkubwa kuliko ganzi yenyewe.

Halafu kuna swali ambalo wagonjwa huona haya kulijibu: mkojo. Mama amekaa tangu asubuhi hajakojoa, na tumbo la chini limejaa. Mkojo au choo vikishindikana mapema namna hii, mshuku ugwe kwanza. Dereva kwa kawaida ataendelea kukojoa, au atapata shida baadaye, tena kidogo.

Hapa pana mtego ambao hata wahudumu wa afya hunasa. Nyuzi za ugwe zinazobeba hisia za miguu zimepangwa upande wa nje, kwa hiyo zinabanwa mwanzo. Ndiyo maana mgandamizo wa juu, katikati ya mabega, unaweza kuanza kwa ganzi ya nyayo na kupanda siku hadi siku, sawasawa na Guillain-Barré. Mama akipigwa picha ya kiuno tu, itaonekana safi, naye atarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Mpaka wa ganzi ukiwa kitovuni, tatizo linaweza kuwa pingili kadhaa juu yake. Picha inayotakiwa ni MRI ya uti wote wa mgongo. Mtego mwingine ni kwamba mgandamizo ukitokea ghafla na kwa nguvu, magoti yanaweza kunyamaza siku za mwanzo, nyundo ikadanganya. Hapo mpaka wa ganzi na mkojo ndivyo vya kutegemewa.

Kwetu Afrika Mashariki, mgandamizo wa namna hii mara nyingi ni kifua kikuu kilichokula pingili, hata kwa mtu asiyekohoa, au saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi au tezi dume. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kwa miezi mingi, wengine pamoja na upasuaji, na wengi hupata nguvu tena. Saratani haingoji. Mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza uvimbe ya deksamethasoni, kisha upasuaji au mionzi. Aliyeanza matibabu akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kabisa kwa siku kadhaa, mara chache hurudi.

Dereva naye haponi kwa deksamethasoni. Dawa za jamii hiyo hazisaidii Guillain-Barré. Anahitaji imunoglobulini ya mshipani, gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, siku 5. Mtu wa kilo 60 atatumia gramu 120, na ni dawa ghali sana. Badala yake anaweza kubadilishiwa utegili wa damu kwa mashine, pale inapopatikana. Ugonjwa hufika kileleni ndani ya wiki 4, wengi ndani ya wiki 2, kisha unatulia. Takribani wagonjwa 8 kati ya 10 hutembea wenyewe baada ya miezi 6.

Kinachomuua dereva ni pumzi. Udhaifu ukipanda unafika kwenye misuli ya kifua, na kifaa cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuendelea kuonyesha namba nzuri wakati misuli inaishiwa nguvu. Kipimo kisicho na gharama ni hiki: avute pumzi ndefu, ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Asipofika 20, au leo akifika 25 wakati jana alifika 40, awe karibu na mashine ya kupumulia. Vivyo hivyo akipaliwa na mate au sauti ikififia.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa, ganzi ikipanda miguu yote miwili, msimkande wala kumnyoosha mgongo. Mpelekeni hospitali leo, na mkifika semeni mambo manne bila kusubiri kuulizwa: ilianza lini, aliharisha au aliugua mafua hivi karibuni, mgongo unauma wapi, na mara ya mwisho alikojoa saa ngapi.