Mwezi Mpevu, Mvua na Mafua

Je, mwezi mpevu huleta mvua au huikata?

Mwezi hupevuka usiku mmoja kwa dunia nzima. Kama ungetawala mvua, Mombasa na Dodoma zingelowa pamoja na kukauka pamoja, jambo ambalo halitokei. Wanaosema mbalamwezi hukata mvua wamegeuza mambo: mwezi huonekana vizuri kwa sababu mawingu yamekwisha kutawanyika.

Hata hivyo, imani hii ina chembe ya ukweli. Mwezi huvuta bahari, na wavuvi wa pwani hujua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Hewa nayo huvutwa. Mwaka 2016 watafiti Kohyama na Wallace walichunguza vipimo vya mvua vya setilaiti vya miaka 15. Waliona kwamba mwezi ukiwa utosini, mgandamizo wa hewa hupanda kidogo, hewa hupata joto kidogo, na mvua hupungua. Lakini athari hiyo ni kama asilimia 1 tu ya mabadiliko ya mvua, kiasi ambacho hakuna mkulima atakayekihisi. Tena mwezi hupita juu kila siku, uwe mpevu au mchanga.

Je, mtu hupata mafua kwa kupigwa na baridi?

Mafua huletwa na virusi, na bila virusi baridi peke yake haiyaleti. Ushahidi mzuri ulitoka Spitsbergen, kisiwa cha barafu kaskazini mwa Norwei, mwaka 1930 hadi 1931. Bahari ilipoganda na meli kukoma, mafua yalififia kijijini, ingawa huo ndio wakati wa baridi kali kuliko wote. Meli ya kwanza ilipotia nanga baada ya majira ya baridi, mafua yalilipuka upya. Wageni ndio walioyaleta.

Lakini wazazi wanaowakataza watoto kukaa na nguo mbichi hawajakosea kabisa. Huko Cardiff, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, watu 90 walitumbukiza miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakaiweka katika beseni tupu. Siku chache baadaye, 13 wa kundi la kwanza walisema wana dalili za mafua, dhidi ya 5 wa kundi la pili. Watafiti hawakupima virusi, kwa hiyo jibu hilo lina mpaka. Walidhani kwamba baadhi ya watu walikuwa tayari na virusi puani, na baridi ikabana mishipa ya damu ya pua na kudhoofisha kinga yake.

Miezi ya Juni na Julai, Nairobi inapopoa, watu hufunga madirisha ya vyumba na matatu, wakavuta hewa ileile. Hapo mmoja akipiga chafya, virusi hupata njia fupi ya kumfikia jirani yake.