Kuchukia Masufuria, Kuchukia Mwili

Tuseme binti wa miaka 15 anaosha vyombo huku kaka zake wakitazama mpira sebuleni. Anafoka: "Bora ningezaliwa mvulana!" Mama anashtuka. Kabla hajaenda mbali, ajiulize jambo moja tu: binti akipewa zamu sawa na kaka zake, akaachiwa acheze mpira na avae suruali, kilio hicho kitabaki? Kikiisha, tatizo lilikuwa mgawanyo wa kazi, na dawa yake ipo humohumo nyumbani.

Mwenzake wa darasani hana ugomvi na vyombo. Tangu avunje ungo, anajibana matiti kwa kitambaa mpaka anapumua kwa shida. Anaoga gizani, na siku za hedhi haendi shule. Kuitwa "dada" kunamchoma. Hata akiwa peke yake chumbani, hakuna wa kumtuma wala kumkosoa, dhiki haimwachi, kwa kuwa moyoni anajiona mvulana.

Hali ya huyu wa pili ndiyo wataalamu huiita dhiki ya kijinsia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka iwe imedumu walau miezi 6, tena iwe inamtesa mtu au kumvurugia masomo, kazi au uhusiano wake na watu. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, imeiondoa hali ya kutolingana na jinsia ya kuzaliwa katika kundi la magonjwa ya akili. Inasema pia kwamba mienendo na mapendeleo tofauti, peke yake, hayatoshi kumpa mtu utambuzi huo. Kwa hiyo msichana fundi magari au mvulana msusi hana cha kutibiwa.

Lakini hata yule anayejibana matiti asibandikwe jina haraka. Aliyewahi kudhalilishwa kingono anaweza kuuchukia mwili wake. Sonona nayo huweza kumfikisha hapo. Hakuna kipimo cha damu cha kutenganisha haya, bali mazungumzo ya vikao kadhaa: ilianza lini, inazidi wakati gani, ni mwili unaomsumbua au ni maneno ya watu? Wazazi wenye hofu hawawezi kuyamaliza kwa usiku mmoja, sembuse kwa fimbo.

Mtafute mnasihi dhiki inapodumu kwa miezi, au kijana anapoanza kukwepa shule, kukosa usingizi na kujitenga. Akitaja kujiumiza au kufa, usingoje miezi: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, wala usimwache peke yake. Mnasihi naye aulizwe mapema ni yapi atakayoyatunza kama siri na yapi atalazimika kuyasema. Akianza kwa kuahidi kwamba atamgeuza mtoto, ondokeni, mtafute mwingine.