Asilimia 2 ya nini, na tangu lini?

Dada mmoja mwenye duka la jumla karibu na soko la Konyo Konyo, hapa Juba, aliniletea barua aliyotumiwa na msambazaji wake wa Mombasa. Alikuwa ameisoma mara tatu. Sentensi iliyomkosesha usingizi ilikuwa moja tu: "Kwa mujibu wa masharti yetu, deni lako limetozwa riba ya 2% kuanzia tarehe stahiki, jumla dola 960, na riba itaendelea hadi utakapolipa." Akaniuliza, "Kaka, hebu niambie, leo nitoe shilingi ngapi tumalizane?" Aliposema shilingi alimaanisha dola. Barua haikuwa na jibu la swali hilo, na hapo ndipo ninapoanzia kila ninapoandika upya barua ya namna hii: mdaiwa aweze kukaa na kikokotoo cha simu akapata jibu lile lile alilolipata mdai.

Nimekuwa nikishughulikia madeni ya wafanyabiashara wa njia ya Nimule kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba wengi wanaoandika barua hizi hawana nia ya kudanganya. Wao wanaijua hesabu yao, wakasahau kwamba anayesoma haijui.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayoleta ugomvi mwingi zaidi Juba. Mzigo wa mchele na mafuta ya kupikia ulikuwa na ankara ya dola 12,000, iliyoandikwa Mombasa tarehe 3 Machi 2025. Lori likapita Malaba, likavuka Uganda hadi mpakani Nimule, na dada akatia sahihi hati ya kupokelea mzigo tarehe 12 Machi. Makubaliano yao yalisema malipo ndani ya siku 30 "baada ya kupokea mzigo". Karani wa Mombasa alianza kuhesabu riba tangu siku ya ankara, kana kwamba hakukuwa na muda wa kulipa hata kidogo. Ukihesabu sawasawa, siku ya kwanza ni 13 Machi na ya 30 ni Ijumaa tarehe 11 Aprili. Siku hiyo nzima bado ni ya mnunuzi. Riba inaanza tarehe 12 Aprili. Kwa hiyo "tarehe stahiki" naifuta kabisa, na badala yake naweka tarehe tatu: ya kupokea mzigo, ya mwisho ya kulipa, na ya kwanza ya riba. Mdaiwa akiona kosa, analionyesha kwa kidole.

Kiwango nacho kilikuwa kimevuliwa nguo. Asilimia 2 kwa mwezi na asilimia 2 kwa mwaka zinatofautiana mara kumi na mbili. Mkataba wao ulisema kwa mwezi, bila riba juu ya riba. Hiyo ni asilimia 24 kwa mwaka, na lazima barua iitaje hivyo, kwa sababu "mbili" inasikika ndogo masikioni mwa mtu mwenye haraka. Kama riba ya kila mwezi ingeongezwa kwenye deni na kuzaa nyingine, mwaka ungefika karibu asilimia 26.8, na kuchagua hilo si kazi ya barua. Barua haiwezi kuunda kiwango ambacho mkataba haukukitaja; ikijaribu, mdai anaibeba barua hiyo hadi mahakamani ikageuka ushahidi dhidi yake.

Msingi wa hesabu ndio uliozalisha zile dola 960. Karani alichukua ankara nzima ya 12,000, akaipiga kwa asilimia 2, akazidisha kwa miezi minne, Machi hadi Juni. Alisahau kwamba tarehe 19 Mei dada alituma dola 5,000. Tangu siku hiyo deni halisi lilikuwa 7,000. Vilevile mwezi uliogawanyika ulihesabiwa mzima, ilhali riba inafaa ihesabiwe kwa siku, mwaka ukiwa na siku 365.

Hesabu yenyewe ni fupi. Dola 12,000 kwa asilimia 24 ni 2,880 kwa mwaka, yaani dola 7.89 kwa siku. Kutoka 12 Aprili hadi 18 Mei ni siku 37, riba yake 291.95. Kuanzia 19 Mei deni ni 7,000, riba dola 4.60 kwa siku, na hadi 30 Juni ni siku 43, riba 197.92. Jumla ni 489.87. Karani alikuwa ameomba karibu mara mbili ya hiyo.

Nimechukulia kwamba zile 5,000 zilipunguza deni halisi kwanza. Wapo wanaoandika mkataba kwamba malipo yafute riba kwanza, ndipo deni lifuate. Yote mawili ni halali yakikubaliwa. Hapa tofauti ingekuwa takriban dola 8. Lakini barua iseme ni ipi, kwa sababu kwenye deni linalolipwa vipande kumi tofauti hiyo haibaki ndogo.

Barua niliyomwandikia msambazaji, ili aitume badala ya ile ya kwanza, ikasomeka hivi:

"Ankara ya 3 Machi 2025, dola za Marekani 12,000. Mzigo ulipokelewa 12 Machi. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa 11 Aprili. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, sawa na asilimia 24 kwa mwaka, bila riba juu ya riba, kama ilivyo kwenye mkataba wetu, kifungu cha malipo. Inahesabiwa kwa siku, mwaka ukiwa na siku 365, juu ya deni lililobaki tu, kuanzia 12 Aprili. Malipo ya dola 5,000 ya 19 Mei yamepunguzwa kwenye deni halisi kuanzia siku hiyo. Riba hadi 30 Juni ni dola 489.87. Deni lililobaki ni dola 7,000. Ukilipa 30 Juni, jumla ni dola 7,489.87. Kila siku baada ya hapo, ongeza dola 4.60."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inamwondolea mdaiwa haja ya kupiga simu kila asubuhi kuuliza bei ya leo.

Riba yenyewe sikuiita "gharama za usimamizi", jina ambalo wengine hulipachika kuficha riba. Mkataba wa amani wa 2005 uliruhusu benki za Kusini kutoza riba wakati Kaskazini ikibaki na mfumo wa Kiislamu, lakini sokoni wapo wateja Waislamu wanaoikwepa. Mwenye imani hiyo ana haki ya kujua anachoombwa, ili akatae mapema, kabla ya kutia sahihi mkataba.

Limebaki jambo la sarafu, na ukiwa Juba huwezi kuliruka. Desemba 2015, Benki ya Sudan Kusini ilipoacha pauni ielee, kiwango rasmi kilitoka takriban pauni 3 kwa dola hadi zaidi ya 18 kwa pigo moja. Mdaiwa wa dola aliyekuwa na pauni mkononi aliona deni lake likizidi mara sita bila kuchelewa hata siku moja. Hiyo si riba, na barua haipaswi kuichanganya na riba. Nilimwongezea msambazaji mstari: "Ukilipa kwa pauni, tutatumia kiwango cha benki yako cha kununulia dola siku fedha zinapoingia." Alisita, akasema soko huria linampa zaidi. Nikamjibu kwamba akitaka kiwango cha soko, aandike ni soko gani, siku gani, na nani atakayekisoma. Akachagua benki.

Dada alilipa dola 7,503.67 tarehe 3 Julai. Ongeza 4.60 mara tatu, utaona ilikotoka.