Fahamu: Macho mekundu yakiingia kazini, tangazo liseme nini?

Januari 2024, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitahadharisha wananchi kuhusu ugonjwa wa macho mekundu unaosababishwa na virusi. Ugonjwa huu ukiingia ofisini, wafanyakazi wanahitaji tangazo lenye maelekezo ya wazi, lisilotaja jina la mgonjwa.

Kwanza, liwatoe hofu: huambukizwi kwa kutazamana. Virusi vimo kwenye machozi na matongo. Mgonjwa akipangusa jicho kisha akashika kitasa, wewe ukakishika na kujigusa jicho, umevibeba. Kwa wengi ugonjwa hupona wenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili.

Pili, hatua. Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Usitegemee kitakasa mikono pekee, kwani baadhi ya virusi hivi huvistahimili vitakasa vya spiriti. Msichangie taulo, miwani, wanja wala dawa ya macho. Vitasa na meza vipanguswe kwa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji, viachwe na unyevu dakika 10.

Tatu, mwenye dalili abaki nyumbani mpaka jicho liache kutoa machozi na matongo. Asitie jichoni chai, mkojo wala maziwa ya mama. Maumivu makali, kuumizwa na mwanga au kuona ukungu ni dalili za hatari: nenda hospitali siku hiyohiyo.