Umekutana na Mchumba wa Rafiki Yako, na Humpendi

Rafiki yako wa miaka mingi amepata mtu. Amekusimulia habari zake kwa simu, amekutumia picha, na sasa anataka mwonane uso kwa uso. Mnakutana, na kabla chakula hakijafika mezani moyo wako umeshamkataa huyo mgeni. Huwezi kuondoka, kwa sababu utamvunjia heshima rafiki yako. Huwezi pia kukaa hapo ukimwaga sifa usizoziamini, kwa sababu rafiki huyo anakujua na atakushtukia.

Tuchukue mfano. Rafiki tumwite Asha, na mchumba tumwite Musa. Mmekutana jioni kwenye baa ya nyama choma Sinza, Dar es Salaam. Musa amefika kwa wakati, amevaa vizuri, amesimama kukusalimu. Hadi hapo hana kosa. Kisha anamwita mhudumu kwa kupiga vidole. Anakuuliza mbele ya watu unalipwa shilingi ngapi. Asha anapoagiza chipsi, Musa anadakia: "Huyo mletee maji na kachumbari, anapunguza mwili." Watu mezani wanacheka. Asha naye anacheka, ila macho yake yameshuka, na ile chipsi haiagizi tena.

Wengi wetu tukifika hapo tunachukua njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kununa: unashika simu, unajibu kwa neno moja moja, na kila mtu mezani anaiona chuki yako. Njia hii inampa Musa silaha. Wakiwa njiani kurudi atamwambia Asha kwamba rafiki yake ana wivu, na Asha hatakuwa na la kujibu, maana uso wako kautazama jioni nzima. Njia ya pili ni kumpamba. Unamwita shemeji, unamcheka kwa nguvu, na mkiachana unamwambia Asha, "Shoga, hapo umepata mume." Mimi naona hii ya pili ndiyo mbaya zaidi. Siku Asha atakapoanza kuwa na mashaka, ataikumbuka kauli yako na kujiambia kwamba tatizo ni yeye, kwa kuwa hata wewe ulimkubali Musa.

Ipo njia ya tatu, nayo inaanza kwa kutenganisha staha na sifa. Staha ni haki ya Musa kwa kuwa ameletwa na mtu unayempenda, na hailazimiki kusubiri umpende. Sifa humdai kitu mpaka uione sababu yake kwa macho yako.

Staha inaanzia kwenye salamu, na salamu iwe kamili: mkono, jina lake, habari za kazi, habari za nyumbani. Kama huwezi kusema umefurahi kumfahamu, yapo maneno mengine ya kweli. "Asha amekutaja sana, leo tumeonana" ni ukaribisho tosha na halina uongo ndani yake. Baada ya hapo muulize mambo ambayo kweli ungependa kuyajua: amekulia wapi, kazi yake inamtaka afanye nini kutwa, walijuana vipi na Asha. Maswali yanakupa la kufanya badala ya kununa. Yanakupa pia nafasi ya kugundua umekosea. Mwanamume anayekutana na marafiki wa mpenzi wake kwa mara ya kwanza anajua anapimwa, na wapo ambao hofu ya kupimwa inawafanya waongee kupita kiasi na kutafuta kuchekwa. Kwa hiyo usimalize hukumu yako baa. Mwangalie mahali ambapo hana jukwaa: msibani, siku ya kumsaidia Asha kuhamisha vyombo, nyumbani kwa mama yake Asha.

Sasa turudi kwenye ile chipsi, kwa sababu hapo ndipo ustaarabu unapopimwa. Huna haja ya kumkemea Musa, wala huna wajibu wa kucheka. Unamgeukia Asha na kumuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Asha, wewe unataka nini?" Halafu unasubiri jibu lake. Akisema chipsi, mhudumu ameshasikia. Akisema maji, umeheshimu neno lake na umemwonyesha kwamba wapo watu mezani wanaotaka kumsikia yeye mwenyewe. Mhudumu akileta chakula, mwambie "Asante, dada" kwa sauti inayosikika. Kuhusu mshahara, jibu bila kukunja uso: "Hayo huwa nayaacha ofisini," kisha endeleza mazungumzo. Hujamtukana mtu yeyote, na hujamkubalia jambo ulilolikataa moyoni.

Kazi ngumu inabaki nyumbani, ukiwa peke yako. Yapange yale yaliyokuudhi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yasiyokupendeza wewe tu: manukato makali, majigambo ya gari, ushabiki wake wa Yanga ilhali wewe ni Simba. La pili ni yale aliyokufanyia wewe, kama swali la mshahara. La tatu ni yale aliyomfanyia Asha. Fungu la kwanza limeze, na la pili limalize na Musa mwenyewe kama likijirudia. Fungu la tatu peke yake ndilo lenye haki ya kufika kwa Asha. Chuki nyingi za marafiki hushindwa kueleweka kwa sababu mafungu haya huletwa yakiwa yamechanganywa, na mwenye mpenzi huchagua lile jepesi, la manukato, akalijibu hilo.

Katika kupanga huko, jikague na hasara yako mwenyewe. Mwaka 2010 Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford, mtaalamu wa mahusiano ya binadamu, alieleza kwamba mtu huwa na watu watano hivi wa karibu sana, na kwamba anayeingia kwenye mapenzi hubaki na wanne, huku mmoja kati yao akiwa ni huyo mpenzi mpya. Maana yake mapenzi humgharimu mtu marafiki wawili wa karibu. Huenda wewe ni mmoja wao. Kama Jumamosi zilizokuwa zenu sasa ni za Musa, sehemu ya hasira yako inatoka huko, na si haki kumbebesha kama tabia mbaya. Jiulize pia kama ungekwazika vilevile angekuwa wa dini yako au wa kabila lako.

Kisha linakuja swali lenyewe. Saa tano usiku simu inalia, ni ujumbe wa Asha: "Vipi, umemwonaje?" Usilijibu kwa maandishi marefu. Ujumbe hupigwa picha, husomwa na asiyehusika, na hauna sauti ya kumwonyesha Asha kwamba unamjali. Mwandikie kwamba umefurahi kumwona yeye, na kwamba mtaongea mkikutana. Mkikutana, mwambie jema moja uliloliona kweli, halafu jambo moja la fungu la tatu, kama ulivyoliona na si kama ulivyolitafsiri. Kwa mfano: "Amefika kwa wakati, na naona anajivunia kuwa na wewe. Ila alivyokujibia kwa mhudumu halikunikaa vizuri. Wewe ulilichukuliaje?" Angalia hakuna neno "mkoloni" hapo, wala "hakufai." Umempa tukio ambalo hata yeye alikuwepo, na umemwachia alipime. Akimtetea, usibishane. Umesema, amesikia, mnaweza kuagiza chai.

Kwa nini useme, halafu uishie hapo? Mwaka 1999 watafiti Tara MacDonald na Michael Ross walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa kwenye mapenzi, pamoja na wazazi wao na wenzao wa chumbani. Wote waliulizwa mapenzi hayo yatadumu kiasi gani. Wanafunzi ndio waliojiamini zaidi, lakini wazazi na wenzao wa chumbani ndio waliokaribia zaidi ukweli. Hata hivyo wanafunzi wenyewe walikuwa na habari ambazo zingewasaidia kubashiri vizuri, ila walitazama zaidi mazuri. Kwa hiyo ulichokiona kina thamani, na Asha naye ana mengi ambayo wewe hukuyaona. Neno lako linamsaidia kuyatazama yale anayoyajua tayari.

Watu husema ukimkataza mtu mpenzi wake ndipo unapomchochea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1972 ulionekana kuthibitisha hivyo kwa wachumba waliopingwa na wazazi. Lakini ulipokuja kurudiwa, na matokeo kuchapishwa mwaka 2014, jambo hilo halikuonekana. Kilichoonekana ni kwamba kukubaliwa na ndugu na marafiki huyapa mapenzi nguvu. Huo ni uzito unaokutaka uangalie kinywa chako. Sifa zako za uongo zinaweza kweli kuyasukuma mapenzi mbele. Na lawama za kila wiki, hata zisipomchochea Asha, zitamfundisha kukuficha mambo, na siku akihitaji mtu wa kumwambia hatakuja kwako.

Yote haya yana mpaka. Kama Musa anachukua simu ya Asha na kuisoma, anashika mshahara wake, anamzuia kwenda kwa ndugu zake, anamtisha au amempiga, hilo si suala la kumpenda au kutompenda tena. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021 zinaonyesha kwamba zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne wenye miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza amepigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenza huyo. Hapo ongea na Asha waziwazi, mkiwa wawili, simu zikiwa mbali. Usimkabili Musa, maana hasira yake ataimalizia kwa Asha mkishaondoka. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Kenya kuna namba ya bure 1195. Mjulishe Asha haya hata kama leo anasema hayahitaji.

Lakini mara nyingi Musa si mkatili. Ni mtu asiyekupendeza tu, na huenda akaoa. Vikao vitaanza, kadi za michango zitasambazwa, na wewe utaongezwa kwenye kundi la kamati. Mchango ni wa Asha. Utoe, na kwa kiwango ambacho ungetoa kwa mtu mwingine wa karibu yako. Ukiombwa kuzungumza ukumbini, mzungumzie Asha unayemjua na mumtakie heri wote wawili. Heri unaweza kuwatakia kwa moyo mweupe. Ukiombwa kuwa msimamizi wa ndoa usiyoiamini, kataa, na ukatae mapema kabla kadi hazijachapishwa. Mwambie Asha mwenyewe, kwa mdomo wako, wala usiiachie kamati ikusemee.